Kwa nini wiki ya tatu bila kubeti inauma kuliko ya kwanza

"Salamu, Daktari. Mimi ni shofere wa taksi hapa Lubumbashi. Gari si langu, kila jioni ninampa patroni hesabu yake. Nimemaliza mwezi wa kwanza bila kucheza pari, na kila usiku niliandika mistari michache katika kaye: makuta niliyobaki nayo, hamu ilikuwa ngapi kwa kumi, nilikuwa wapi. Kurasa hizo ninakutumia. Nilifikiri wiki ya kwanza ndiyo itakuwa ngumu, kumbe ya tatu ndiyo karibu iniangushe. Kwa nini? Na mwezi wa pili nibadilishe nini?"

Ndugu shofere, jibu la swali la kwanza umeliandika mwenyewe, liko katika safu ya makuta. Ukisoma ukurasa mmoja mmoja hulioni. Weka kurasa mbili sambamba. Siku ya 2: "Makuta 1,500. Hamu 4. Nimelala." Siku ya 19: "Makuta 34,000. Hamu 6, halafu 9. Sijalala."

Siku ya 2 ilikuwa Jumamosi, tena Jumamosi ya mechi kutoka saa 8 na nusu mchana hadi usiku. Kama mpira wenyewe ndio ungekuwa adui, siku hiyo ungeumia zaidi. Hukuumia kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu, aibu ilikuwa bado mbichi, na mama watoto alikuwa anakungoja macho. Kufika wiki ya tatu mfuko umeanza kushika kitu, aibu imekauka, nyumbani wameanza kulala mapema kwa sababu wanakuamini tena, na wale uliowakopa wamesikia umeacha, basi wanakuja kudai. Vizuizi vya nje vimeondoka kimoja kimoja kabla hujaweka vyako. Hilo huwapata wengi wanaoacha, na kwa shofere linakuja kwa nguvu zaidi, maana mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi: unafika kila jioni, mkononi, noti kwa noti.

Kuna jambo la pili ambalo umeligundua bila kujua kwamba umeligundua. Siku ya 5, ya 12 na ya 19, zote Jumanne, umeandika kwamba hamu ilipanda kabla ya mechi, na mpira ulipokuwa ukichezwa ilikuwa imeshuka. Watu hushangaa: si ndipo utamu ungeanza? Miaka ya 1990 mtafiti Wolfram Schultz na wenzake walipima seli za ubongo wa nyani zinazotoa dopamini, kemikali inayohusika na hamu. Mwanzoni seli ziliwaka nyani alipopata tone la maji ya tunda. Alipokwisha kuzoea kwamba ishara fulani hutangulia tone hilo, seli zikaanza kuwaka kwenye ishara, na tone lenyewe lilipofika zikatulia. Kwako ishara si bao. Ishara ni kumaliza hesabu ya patroni, noti zilizobaki, saa 2 usiku, na sauti za vijana wanaopanga tiketi za kubeti parkingini. Ubongo wako umeyafuata hayo kwa miaka, na siku 30 haziyafuti. Kinachobadilika polepole ni kwamba ishara inakuja, hakuna kinachofuata, na safari inayofuata kelele yake inapungua kidogo.

Ndiyo maana nitakaa sana juu ya Jumanne mbili, ya siku ya 12 na ya siku ya 19. Ndizo zenye somo kubwa katika daftari lako.

Siku ya 12 umeandika: "Nimefika nyumbani Katuba mapema. Saa 3:20 hamu 8. Nimeosha gari. 3:30 bado 8. 3:45 hamu 5. 3:55 hamu 3. Nimekula bukari." Hii ni sura ya hamu isiyolishwa. Inapanda, inakaa juu kidogo, inashuka. Kwako ilichukua kama dakika 35. Kwa watu wengi ni karibu nusu saa, wakati mwingine chini ya hapo.

Siku ya 19: "Mvua. Nimempa patroni saa 1 na nusu. Nimerudi parkingi ya komini ya Kenya kungoja mvua ikatike. Watoto wanapanga tiketi. Nimezima simu, nimeiwasha tena. Saa 4 mpira umeanza. Nimekaa ndani ya gari mpaka saa 5. Hamu 3. Sikucheza." Hapa hamu ilikaa juu zaidi ya saa mbili. Mtu yule yule, mechi za daraja lile lile, saa zile zile. Tofauti ni kwamba siku ya 19 kila ilipotaka kushuka ililishwa: jina la timu likatajwa, simu ikawaka, mkono ukagusa noti. Umeandika "sikucheza" bila kusifu, nami nakuambia hukushinda kwa mpango mzuri usiku ule, ulishinda kwa nguvu tupu. Nguvu tupu hutumika mara moja, mara mbili, kisha mvua inanyesha Jumanne nyingine ukiwa umechoka. Mwezi wa pili lengo ni kutohitaji usiku wa namna hiyo.

Tuanze na makuta, kwa kuwa ndiyo yanayotangulia yote. Kosa la siku ya 19 halikuanza saa 2 usiku. Lilianza mchana, ulipoyaacha mapato ya siku nzima yalale pamoja katika mfuko mmoja hadi jioni. Kwa maandishi yako, siku nzuri inaingiza kama 114,000: 50,000 za patroni, 30,000 za esansi, 34,000 zako. Hizo 34,000 hazikuwa na jina, na makuta yasiyo na jina saa 2 usiku hupata jina haraka sana.

Panga siku hivi. Makuta ya kwanza ya asubuhi yaende kwa patroni. Ukifika saa 6 mchana na una 25,000, mtumie nusu ya hesabu kwa simu akikubali. Wengi hukubali kwa furaha, kwa sababu wao pia huogopa jioni ya shofere. Usitume mara sita kwa siku, makato yatakula faida. Mara mbili zatosha. Nusu ya pili mpe jioni kama kawaida. Esansi jaza jioni, si asubuhi. Sababu ni rahisi: esansi iliyo ndani ya tangi haiwezi kuwekwa kwenye tiketi, lakini 30,000 za esansi ya kesho zinaweza, na asubuhi unajikuta huna cha kuanzia kazi, unakopa, na deni hilo ndilo linalokurudisha kwenye duka la kubeti jioni. Kilichobaki kikishapita 10,000, kipeleke nyumbani au kigeuze kitu: unga, makaa, sabuni. Mfukoni bakiza 5,000 za chenji, maji na yale makuta ya barabarani unayoyajua.

Mambo matatu huharibu mpango huu. La kwanza, kuweka makuta yako katika akaunti yako mwenyewe ya simu ukidhani umeyaficha. Ikiwa ni namba ile ile uliyokuwa unaitumia kubeti, hujayaficha, umeyasogeza karibu zaidi kuliko mfukoni: ni namba ya siri tu inayokutenganisha na tiketi. La pili, abiria wanaolipa kwa simu. Hao huwezi kuwakataa, basi salio likifika kiwango mlichokubaliana nyumbani, tuseme 15,000, litoke siku ile ile kwenda kwenye namba ya mama watoto. La tatu, kumfanya mama watoto kuwa polisi. Asipekue mifuko. Mkubaliane jambo moja linalopimika: kabla ya saa 2 usiku awe amepokea kiasi fulani, kisipofika, anapiga simu mara moja na kuuliza uko wapi. Kazi yake iishie hapo. Ndoa nyingi za wachezaji huchoka kwa sababu ya upekuzi, hata baada ya kubeti kwenyewe kwisha.

Sasa mahali. Parkingi ile ya Kenya usiende tena Jumanne, Jumatano na Jumamosi baada ya saa 12 jioni. Najua utasema ndiko kuna abiria. Tazama daftari: siku ya 19, tangu saa 1 na nusu hadi saa 5 hukubeba mtu hata mmoja. Usiku wa mvua abiria hawakungoji parkingini, wanapiga simu. Tafuta abiria wa ahadi wawili au watatu: muuguzi anayeingia zamu ya usiku hospitali ya Sendwe, muuza duka anayefunga kwa kuchelewa mjini, mwanafunzi anayerudi chuoni Kasapa. Bei ipunguze kidogo, lakini saa iwe ya kudumu, na ichague iwe kati ya saa 2 na nusu na saa 4. Hilo ndilo dirisha lako la hamu. Mechi kubwa za Ulaya za katikati ya wiki, zinazoanza saa 3 usiku kwao, kwetu huanza saa 4 wakati wa baridi yao, kwa hiyo hamu yako inapanda kuanzia saa 2. Wakibadilisha saa zao mwisho wa mwezi wa 3, mechi hizo hizo zitaanza saa 3 kwetu, na dirisha lako nalo litasogea saa moja nyuma. Watu huanguka wiki hiyo kwa sababu mpango wao ulifungwa kwenye saa ya zamani.

Tahadhari moja. Nimesema hamu yako hushuka mpira ukianza. Ni kweli kwa aliyezoea tiketi ya kabla ya mechi. Kama uliwahi kubeti mechi ikiendelea, kwenye kona au bao linalofuata, au ule mchezo wa kindege kinachopaa, hapo hakuna kipenga kinachofunga dirisha. Raundi inaisha kwa sekunde, ishara inarudi, inaisha, inarudi. Katika daftari umeutaja mchezo wa kindege mara moja tu, siku ya 6, na hamu uliyoandika ndiyo ya juu kuliko zote za wiki hiyo. Huo usiuweke katika kundi moja na tiketi za Jumamosi. Ndio wa kufungiwa mlango kwanza.

Na mlango wenyewe ni simu. Siku ya 11: "Meseji imeingia, una 2,300 katika akaunti yako, weka 2,000 upate bonasi. Nimefuta." Kufuta meseji ni sawa, ila umeacha ndoano majini. Zile 2,300 ndizo ambazo kampuni inazitumia kukuita urudi, na ndizo zitakazokuambia usiku mmoja kwamba "si makuta yangu ya leo, ni ya zamani." Fanya kwa mpangilio huu, na fanya mchana, nyumbani, mtu akiwa karibu. Toa salio lote. Kama ni chini ya kiwango cha kutoa, liache lipotee, usiongeze makuta ili lifike. Kisha waandikie huduma kwa wateja uombe mambo mawili kwa maneno wazi: akaunti ifungwe moja kwa moja, na namba yako iondolewe kwenye matangazo. Piga picha ya ombi na ya jibu. Baada ya hapo tu ndipo ufute programu. Wengi hufuta programu kwanza na kuacha akaunti wazi. Kuirudisha ni dakika mbili. Kusahau neno la siri pia si kufunga, linarudishwa kwa meseji moja.

Mwisho weka kizuizi. Kuna programu ya bure iitwayo BetBlocker inayofunga tovuti nyingi za kubeti kwa muda unaouchagua mwenyewe. Haijui kila tovuti, hivyo baada ya kuiweka mwombe mtu mwingine, si wewe, ajaribu kufungua zile ulizokuwa unazitumia. Haizuii pia duka la kubeti la kona. Kazi yake ni kukununulia zile dakika 35 za siku ya 12.

Sasa niseme juu ya usiku ambao, kwa maandishi yako, uliuma kuliko siku ulizokuwa unapoteza. Siku ya 23, Jumamosi: "Nilikuwa nimechagua mechi tano kichwani. Zote zimeingia. Na 5,000 ningepata karibu 124,000. Nimekaa kimya nyumba nzima."

Hiyo nitaiita tiketi ya hewa, na ni hatari kwa sababu inaonekana haina gharama. Tuifanyie hesabu. Tuseme kila mechi uliyochagua ina nafasi nusu kwa nusu, na kampuni inakupa odi ya 1.90, yaani ukipatia unalipwa mara 1.90 ya ulichoweka. Odi ya haki kwa nusu kwa nusu ingekuwa 2.00, ile 0.10 ndiyo faida yao. Kwa mechi moja unaona ni kitu kidogo. Kwenye tiketi ya mechi tano, 1.90 inazidishwa mara tano inafika 24.76, lakini nafasi yako ya kupatia zote tano ni 1 kati ya 32. Yaani haki ingekuwa kukulipa mara 32, wanakulipa mara 24.76. Kwa kila 5,000 unayoweka, kwa wastani inarudi kama 3,870. Ukiongeza mechi kwenye tiketi ili odi ipendeze, unaongeza pia mkato: kwenye mechi nane, 5,000 yako inarudi kwa wastani kama 3,300.

Wastani ni neno la mwalimu, basi tulishushe barabarani. Chukua mashofere mia moja, kila mmoja acheze tiketi moja ya namna hiyo kila siku kwa siku 30. Kila mmoja ametoa 150,000. Karibu 39 kati yao hawatapata hata tiketi moja mwezi mzima. Kiasi kama hicho kingine watapata moja, 123,800, na hao ndio utakaowasikia parkingini, watanunua bia, watapiga picha. Bado wamepungukiwa 26,200. Waliobaki, ambao watapata mbili au zaidi, watamaliza mwezi na faida, na kwa bahati mbaya hao ndio wanaoendelea kwa miaka.

Kichwani hesabu hii haionekani, kwa sababu tiketi ya hewa haiandikwi ikishindwa. Siku ya 9, siku ya 16, siku zote za katikati uliona majina ya timu na bila shaka ulichagua. Hakuna ulichoandika kwa sababu hakuna kilichoingia. Ile ya siku ya 23 ndiyo pekee iliyobaki. Wengine hushauri mtu aandike tiketi zote za hewa kabla ya mechi ili ajionee mwenyewe zinavyoanguka. Sikushauri. Kwa mtu wa mwezi wa kwanza, kuandika tiketi ni kupanga tiketi, na kupanga ndiko kunakowasha zile seli. Tazama mpira ukitaka, mechi moja, ya timu unayoipenda kwa moyo. Mazembe wakicheza Kamalondo nenda, lipa kiingilio, piga kelele. Acha kutazama matokeo ya ligi tano kwa pamoja kwenye simu; hakuna shabiki wa kawaida anayehitaji kujua nani amepata kona Uturuki.

Deni nalo linahitaji mahali pake, maana kurasa zako za wiki ya tatu zinaonyesha hamu inaruka kila mdai anapotokea parkingini. Umeorodhesha watatu: mwenzako wa kazi 60,000, duka 25,000, shemeji 150,000. Jumla 235,000. Kosa la kawaida ni kuahidi kila mmoja kiasi kikubwa "mwisho wa mwezi", kisha mwisho wa mwezi ukakaribia na njia pekee ya haraka ikawa ile unayoijua. Ukitenga 5,000 kwa siku, siku sita za kazi, una 30,000 kwa wiki. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuanza kazi, mpe mwenzako 15,000, duka 10,000, shemeji 5,000. Wiki ya tatu duka linahitaji 5,000 tu, linakwisha, na 5,000 ya ziada inakwenda kwa shemeji. Wiki ya nne mwenzako amekwisha na shemeji ameshapokea 35,000. Zimebaki 115,000 zake peke yake, na kwa 30,000 kwa wiki anakwisha katika wiki ya nane. Waambie wote watatu siku na kiasi, na uwaombe wasikufuate parkingini. Mdai anayejua Jumatatu yake hana haja ya kukutafuta Jumanne usiku.

Umetaja pia kuingia likelemba, ule mchango wa zamu wa mashofere, na kuomba zamu ya kwanza ili umalize madeni yote kwa mkupuo. Ingia, ila omba zamu ya mwisho au ya karibu na mwisho. Mkupuo mkubwa mkononi ni ishara kubwa kuliko zote ulizonazo, na baada ya kuupokea utabaki na miezi ya kuchanga bila cha kutarajia.

Ushindi mdogo umeuandika, nami nimeupenda, ila haulingani uzito. Siku ya 8 ulilipa sehemu ya minervali ya shule ya binti yako. Siku ya 14 ulibadilisha mafuta ya injini kwa wakati wake badala ya kuongeza juu ya machafu. Hayo ni mazuri kwa sababu yana risiti, mtu mwingine anaweza kuyaona. Siku ambazo umeandika "leo nimejisikia na nguvu" hazinisaidii kukujibu. Siku mbili zilizozifuata, hamu ilipanda. Lakini uzito mkubwa uko siku ya 21, mstari mmoja umeupitia haraka: "Mama watoto ameuliza leo umeingiza ngapi. Nimemwambia kweli, hata ile niliyokula njiani." Mwaka 1997 yalichapishwa maswali mawili mafupi ya kumtambua mtu ambaye kubeti kumemshika: je, umewahi kuhisi haja ya kuongeza kiasi unachobeti zaidi na zaidi, na je, umewahi kuwadanganya watu wako wa karibu kuhusu kiasi unachocheza? Nusu ya kipimo inauliza juu ya uongo. Mara nyingi mtu hurudia kudanganya juu ya makuta madogo kabla ya kurudia kubeti, kwa hiyo mwezi wa pili ongeza safu moja katika daftari: leo nimesema uongo gani kuhusu makuta? Ikijaa siku tatu mfululizo, chukulia kuwa hamu imefika 8 hata kama huisikii.

Ukiteleza, na nakuandikia hili sasa ili usilitafute siku hiyo, hatari haimo katika tiketi ya kwanza ya 2,000. Imo katika saa inayofuata. Mwanasaikolojia Alan Marlatt, aliyechunguza watu wanaorudia ulevi, alieleza jinsi mtu aliyevunja ahadi anavyojiambia kwamba yote yameharibika, basi amalizie. Kwa mchezaji hilo linaungana na kukimbiza hasara, na ndani ya saa moja 2,000 inakuwa hesabu ya patroni. Toka mahali hapo hata kama tiketi bado iko hai. Hesabu kilichobaki, kipeleke chote kwa mtu mmoja. Mwambie mtu mmoja kabla hujalala. Asubuhi andika saa, mahali, makuta uliyokuwa nayo na nani alikuwepo, kisha rekebisha moja kati ya hivyo vinne, si vyote. Na ikitokea tiketi hiyo imeshinda, fanya hivyo hivyo, haraka zaidi. Anayeteleza akashinda yuko pabaya kuliko anayeteleza akapoteza.

Jambo la mwisho linahusu usingizi. Tangu siku ya 17 umeandika "sijalala" mara nyingi. Usiku mmoja mmoja wa namna hiyo ni wa kawaida kwa anayeacha, pamoja na hasira za bure kwa abiria. Ukiendelea hivyo wiki mbili nyingine, usiendeshe usiku, na nenda ukaonwe. Ukianza kufikiri kwamba familia ingekuwa nafuu bila wewe, usingoje wiki mbili, usingoje hata kesho: mwambie mama watoto usiku huo huo, mpe funguo za gari, asikuache peke yako, na mwende Sendwe au kituo cha magonjwa ya akili cha Dokta Joseph Guislain. Kubeti kupita kiasi kumo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 11 lililoanza kutumika 2022, kwa hiyo huendi kuomba msamaha, unakwenda kutibiwa. Chukua daftari. Mwonyeshe daktari siku ya 2, ya 12 na ya 19, ataelewa haraka kuliko ukianza kumsimulia tangu mwanzo.